Kabla Ubandue Picha ya Yesu kwa Ukuta wa Kogo, Mjibu Kwanza Theodoro

Wasee wa Kimulot, hii mada niliiweka kando nikitumai itapoa, lakini naona bado mnaposti. Kwa wale hawajaipata: kuna vijana wameokoka juzi tu, na kazi yao ya kwanza baada ya kuokoka imekuwa kuingia nyumba za kogo zao na kubandua picha. Moyo Mtakatifu, Mama Maria, hadi ile kalenda ya kanisa yenye Yesu amebeba kondoo. Mmoja alijirekodi akizitia kwa moto jikoni, na chini ya vidio watu wakamiminika na jibu moja: Kutoka 20, Kutoka 20, Kutoka 20. Kama watu wanatangaza bao.

Na kabla mniite wakala wa Roma, mimi nimelelewa kwa kanisa la mabati. Kwa kuta zetu kuna saa iliyosimama na karatasi ya zamu ya kufagia, basi. Sina picha ya kutetea. Kinachonikera ni kwamba mnapigana vita ambavyo vilishapiganwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na watu waliosoma kutuliko wote, tena wakiwa na majeshi, na mnakuja na silaha dhaifu kuliko zote zilizotumika. Waliochukia picha kisawasawa walijua Kutoka 20 haitoshi. Walitafuta hoja kali zaidi. Na hiyo kali zaidi ilijibiwa. Nyinyi hata hamjafika hapo.

Twende polepole.

Ufalme wa Kirumi upande wa mashariki ulikuwa na makao Konstantinopoli, mji ambao leo unaitwa Istanbuli, huko Uturuki. Walikuwa Wakristo, wanaongea Kigiriki, na makanisa yao yalijaa ikoni, yaani picha za Kristo, za Maria na za watakatifu, zimechorwa kwa mbao au kujengwa ukutani kwa vipande vidogo vya vioo na mawe. Mwaka 717 akaingia kaizari mwanajeshi, Leo wa Tatu. Hakupumzika hata kidogo: majeshi ya Waarabu yaliuzingira mji mwaka huohuo hadi 718. Akawashinda, lakini ufalme ulikuwa umeshapoteza Siria, Palestina na Misri. Halafu mwaka 726 volkano ikalipuka baharini karibu na kisiwa cha Thera. Waandishi wa zamani wanasema Leo aliona moshi ule akasema Mungu amekasirika, na kilichomkasirisha ni picha. Januari 730 akaita kikao cha wakubwa ikulu, akamtaka Patriaki Germano akubali msimamo wa kupinga picha. Mzee akakataa na kuachia kiti. Akawekwa mwingine anayekubali.

Hebu angalia hiyo hesabu. Tunapigwa vitani, kwa hivyo Mungu amenuna, kwa hivyo lazima kuna mtu wa kulaumiwa. Sisi watu wa majani chai tunaijua sana. Bonasi ikishuka, badala ya kuuliza kilo ziliuzwaje na zilikatwa nini, kuna mtu atasema boma fulani lina mkosi. Na hesabu hiyo ilirudi tena. Mwaka 813 Wabulgaria waliwapiga Waroma vibaya, mwanajeshi mwingine, Leo wa Tano, akachukua kiti, na mawazo yake yanajulikana: makaizari waliovunja picha walishinda vita na kufia madarakani, hawa waliozirudisha wanapigwa. Mwaka 815 akaitisha kikao cha maaskofu na picha zikapigwa marufuku mara ya pili. Hiyo si theolojia, bana. Hiyo ni kubahatisha mechi.

Lakini sitaki kudanganya kwamba ilikuwa siasa tupu. Kulikuwa na hoja, na ya kwanza ndiyo hii yenu: Mungu amekataza sanamu, na picha ni sanamu.

Aliyeijibu anaitwa Yohane wa Dameski. Familia yake ilifanya kazi kwa serikali ya khalifa Mwislamu huko Siria, yeye akawa mtawa Palestina. Mnaona hiyo kitu ilivyo? Mtu aliyemtetea Kristo asifutwe ukutani aliweza kuandika kwa uhuru kwa sababu aliishi chini ya Waislamu, mahali askari wa kaizari Mkristo hawangefika. Jibu lake, nikilisema kwa maneno yangu, ni hili. Songa mbele kurasa chache tu kutoka hiyo Kutoka 20, ufike sura ya 25. Mungu yuleyule anamwagiza Musa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu, wakae juu ya sanduku la agano. Kwa hivyo amri haiwezi kuwa inakataza kila umbo, la sivyo Mungu amejipinga mwenyewe kabla wino ukauke. Kwa nini basi Waisraeli walikatazwa kumchora Mungu? Kwa sababu pale mlimani hawakuona umbo lolote, walisikia sauti tu. Ungechora nini? Ungebuni. Lakini baadaye, kwa imani yenu wenyewe, Mungu alizaliwa Bethlehemu, akawa na pua na miguu yenye vumbi, watu wakamgusa. Aliyeonekana anaweza kuchorwa. Ukisema hachoriki, unaanza kusema hakuonekana.

Hapo mjadala haujaisha, na ndipo nawaambia nyinyi mmebaki nyuma sana. Mtoto wa Leo, Konstantino wa Tano, alitawala kuanzia 741 hadi 775, na huyu hakuwa mjinga. Maadui wake walimpachika jina linalohusu kinyesi, lakini alisoma theolojia na kuandika mwenyewe. Mwaka 754 akakusanya maaskofu 338 kwenye jumba lake la Hieria, ng'ambo ya mji, na wakatoka na mtego ambao hadi leo ni mzuri. Uko hivi.

Kristo ni Mungu na ni mtu, asili mbili katika nafsi moja. Hilo Wakristo wa pande zote mbili walikubaliana. Sasa wewe mchoraji, ukichora Kristo, umechora nini hasa? Ukisema umechora Mungu na mtu kwa pamoja, umedai uungu usio na mipaka umeingia kwa ubao wa futi mbili, na umezikoroga asili mbili zikawa uji. Huo ni uzushi uliokwisha kulaaniwa. Ukijitetea useme hapana, nimechora ule ubinadamu wake tu, basi umempasua Kristo katikati, ukaweka mtu huku na Mungu kule, na huo pia ni uzushi uliolaaniwa. Chagua. Kokote utakakoenda, umeanguka.

Manze, soma hiyo tena. Hiyo ndiyo hoja ya kuleta kwa grupu, si kurusha namba ya sura na kuzima data. Hata mimi nisiyetaka picha zichomwe, naona ina meno.

Na angalia kitu kingine. Hawa jamaa hawakuacha kuta tupu. Kanisa la Hagia Irene lilijengwa upya baada ya tetemeko la 740, na ukienda Istanbuli leo bado utaona juu ya madhabahu msalaba mkubwa mweusi kwa mandhari ya dhahabu. Hakuna sura ya mtu, ni msalaba peke yake. Waliona msalaba na mkate wa meza ya Bwana vinatosha. Sasa yule kijana wa vidio alikuwa anachoma uso wa Yesu huku msalaba wa chuma unaning'inia shingoni, na kamera imeushika vizuri. Msimamo huo una jina kwa historia na una miaka yake. Ni vile tu mwenyewe hajui ameutoa wapi, anadhani ni Biblia inaongea moja kwa moja.

Jibu la mtego lilichukua muda, na aliyelinoa vizuri ni mtawa Theodoro wa nyumba ya Studio, hapohapo Konstantinopoli, wakati wa marufuku ya pili. Alipigwa viboko na kuhamishwa mara kadhaa kwa sababu hakunyamaza. Anachosema ni kwamba swali la kaizari limekosewa tangu mwanzo. Picha haichori asili. Hakuna picha duniani inayochora asili. Picha huchora nafsi, huyu mtu fulani.

Chukua kitambulisho chako. Ile picha pale imechora ubinadamu? Wapi. Ubinadamu hauna makovu kwa kidevu. Imechora roho yako? Imechora ini lako? Hapana. Lakini polisi akiiangalia barabarani hasemi "hii ni nusu ya mtu," anasema "huyu ni wewe." Inakuonyesha wewe mzima bila kukukata na bila kukuingiza mzima ndani ya plastiki. Kama Kristo ni nafsi moja, basi ukiona uso wake umemwona yeye, Mungu na mtu, bila asili yoyote kukorogwa au kupasuliwa. Mtego unafunguka. Tena unageuka: anayesema uso wa Kristo hauwezi kuonyeshwa lazima atuambie Yesu alikuwa mtu wa aina gani asiye na sura. Mtu kwa jumla? Hakuna mtu kwa jumla. Mariamu hakumnyonyesha mtu kwa jumla.

Kama unaweza kumjibu Theodoro hapo, njoo, nitakupa nafasi yote kwa ukurasa huu. Kama huwezi, ondoa mkono kwa ukuta wa kogo.

Najua mnachotaka kusema sasa. "Sawa, achore. Lakini mbona anaibusu? Mbona anawasha mshumaa? Si hiyo ni kuabudu?" Hapa ndipo pamelala kosa kubwa kuliko yote, na ni kosa la lugha.

Wagiriki walikuwa na maneno mawili. Latreia ni ibada, ile anayopewa Mungu peke yake. Proskinesisi ni kuinama, kutoa heshima, kama unavyoinama ukisalimia wazee. Biblia ya Kigiriki inatumia neno hilo la pili pale Ibrahimu anapowainamia wenyeji Wahiti akitafuta kununua kaburi la Sara, Mwanzo 23. Hakuna anayesema Ibrahimu aliwaabudu wauza shamba. Baraza la Nikea la mwaka 787, lililorudisha picha mara ya kwanza, liliamua hivyo kwa uwazi kabisa: ikoni ipewe heshima, ibada ni ya Mungu tu, na heshima ya picha inampita ubao inamwendea aliyechorwa.

Halafu kumbukumbu za baraza zikatafsiriwa Kilatini, vibaya, na zikafika magharibi kwa mfalme Karolo Mkuu wa Wafranki. Kwa Kilatini lile neno la kuinama likawa neno la kuabudu. Na kuna askofu mmoja wa Kupro, Konstantino, ambaye pale Nikea alisema anazipokea ikoni kwa heshima, na ibada anampa Utatu peke yake. Tafsiri ikamfanya aseme kinyume kabisa, kwamba anazipa picha ibada ileile anayoupa Utatu. Wanatheolojia wa Karolo waliposoma hivyo walishtuka, wakaandika kitabu kizima cha kuwashambulia Wagiriki, na mwaka 794 mkutano wa Frankfurti ukakataa fundisho hilo. Walikuwa wanapinga kitu ambacho askofu hakuwahi kusema.

Na sisi tumeurithi huo mchezo. Kwa Kiswahili cha mahubiri ya huku kwetu, kila anayepiga goti mbele ya picha "anaabudu sanamu." Neno ni moja, mlango ni mmoja, hukumu imeshatoka. Mbona ukiona mama akibusu picha ya mtoto wake aliye Katari husemi anaabudu karatasi? Unajua busu linaenda wapi. Muulize kogo busu lake linaenda wapi kabla ya kumjibia. Wengi wenu hamkumuuliza. Mlisubiri aende kuchuma chai.

Kuna anayeniambia kwa inboksi kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu, yanatuhusu nini Waafrika. Huo ni uvivu. Wakati makaizari wanakwangua kuta zao, Wanubi hapa juu kwenye Nile, nchi inayoitwa leo Sudani, walikuwa wanachora zao. Kanisa kuu la Faras lilikutwa limefunikwa na mchanga, likachimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kabla maji ya bwawa la Aswani kulimeza, na ndani kulikuwa na zaidi ya picha 100. Mojawapo ni Anna, mama ya Maria, macho makubwa, kidole mdomoni. Iko jumba la makumbusho la Warsawa, na nyingine ziko Khartumu. Kaizari hakuwa na amri juu ya Nubia. Hakuwa na amri pia kwenye mlima Sinai, ndiyo maana ikoni ya Kristo ya miaka ya 500 bado iko kwenye monasteri ya Mtakatifu Katerina. Amri za Konstantinopoli ziliishia mipaka ya Konstantinopoli.

Sasa nisije nikaonekana nawapamba walioshinda. Irene, mama kaizari aliyeitisha baraza la kurudisha picha, alijaribu kwanza mwaka 786 palepale mjini, na wanajeshi watiifu kwa marehemu Konstantino wakaingia na panga wakawatawanya maaskofu. Alifanya nini? Akawatoa mjini kwa kisingizio kwamba wanaenda vitani, akawanyang'anya silaha, akawafukuza kazi, akaleta wengine. Mwaka uliofuata baraza likakaa Nikea, kwa utulivu mkubwa ajabu. Miaka kumi baadaye, 797, watu wake walimtoboa macho mwanawe mwenyewe ili atawale peke yake. Huyo ndiye mtetezi wa picha takatifu. Upande wa pili, Konstantino aliwatembeza watawa uwanja wa michezo mwaka 766, kila mmoja ameshikishwa mwanamke mkono, umati ukiwatemea mate. Waliotuachia habari nyingi ni washindi, na walimchukia, kwa hivyo punguza chumvi kidogo. Lakini uamuzi wa 787 haukubadilisha mawazo ya jeshi, na ule wa 754 haukubadilisha ya watawa. Amri ilipolegea, kila upande ulirudi na vitu vyake ilivyovificha. Picha ziliporudishwa kabisa mwaka 843, na kaizari mwingine mwanamke, Theodora, mumewe Theofilo alikuwa amezipiga vita hadi kufa kwake.

Kwa hivyo nyinyi mnaotaka mwalimu mkuu apige marufuku rozari shuleni, na nyinyi wengine mnaotaka chifu amwite yule kijana wa vidio, hapana. Nilisoma shule iliyokusanya rozari za wasichana kwa karai na kuzifungia ofisini. Kufika muhula wa pili walikuwa wanafuma zingine kwa uzi wa sweta.

Kuna jambo moja nawapa wapinga picha bila kinyongo. Mwaka 824 kaizari Mikaeli wa Pili alimwandikia mfalme wa Wafranki barua akilalamika kuhusu mambo yanayofanywa na wapenda ikoni. Watu wanachukua ikoni kuwa msimamizi wa ubatizo wa mtoto. Mapadri wengine wanakwangua rangi ya ikoni na kuichanganya na divai ya meza ya Bwana. Alikuwa na sababu za kuwachafua wapinzani wake, lakini hakubuni kila kitu, kwa sababu Theodoro yuleyule tuliyemsifu ana barua ya kumpongeza ofisa mmoja aliyefanya ikoni ya Demetrio kuwa msimamizi wa mwanawe. Hapo nasimama na kaizari. Ubao hauwezi kulea mtoto. Na Hezekia, 2 Wafalme 18, alimvunja nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu, kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba.

Lakini angalia Hezekia alivunja lini na kwa nini. Nyoka yule alikaa vizazi na vizazi bila mtu kumgusa. Alivunjwa watu walipoanza kumpa yeye mwenyewe ibada. Kwa hivyo kesi ya picha inasikizwa nyumba kwa nyumba, kwa kuuliza. Kama kogo yako anakwangua rangi ya Moyo Mtakatifu na kukutilia kwa chai, niite, tutaongea naye pamoja, na kwa adabu.